Hoteli Ndogo, KSh 3,000 kwa Mwezi: Kujitangaza Bila Kula Faida Yako

Ukipita mitaani utaona bango hili karibu kila kona: "Leo tu, asilimia 20 chini!" Mwenye hoteli huona kama amepata matangazo ya bure, maana hakulipa mtu. Hebu tupige hesabu ya hilo bango kwanza, halafu tuone KSh 3,000 kwa mwezi zinaweza kufanya nini badala yake.

Tuchukue hoteli ya mfano. Iko Thika mjini, hatua chache kutoka steji ya matatu, na ina viti 18. Wateja wake ni watu wa maduka, makarani, mafundi na makanga. Sahani inayotoka zaidi ni ugali, nyama na sukuma kwa KSh 200. Nyama ni nusu robo, kama bob 75. Unga ni bob 15. Sukuma, nyanya, kitunguu na mafuta ni bob 20, na makaa bob 10. Jumla ni KSh 120. Kwa hivyo kila sahani inabakisha bob 80, na ni kwenye hizo 80 ndipo kodi, mishahara, maji na leseni ya kaunti hutoka. (Bei zako zitakuwa tofauti. Chukua kalamu uweke zako, hesabu ni ile ile.)

Sasa weka asilimia 20 chini. Sahani inauzwa KSh 160, lakini nyama haikushuka bei wala makaa hayakushuka. Inabaki bob 40. Umemkatia mteja moja ya tano ya bei, wewe ukapoteza nusu ya faida. Kama ulikuwa unauza sahani 30 kwa siku na kubaki na KSh 2,400, itabidi uuze sahani 60 ndio urudi pale pale ulipokuwa. Na ofa ukiiweka saa ya lunchi, hizo 30 za ziada zitakaa wapi? Viti ni 18 na saa saba vimejaa tayari. Mteja mgeni anachungulia mlangoni, anaona hakuna nafasi, anaenda jirani. Aliyefaidi ofa ni yule wa kila siku ambaye angekuja hata bila bango.

Kwa hivyo kabla ya kupiga picha, kabla ya kufungua akaunti yoyote, kuna swali moja la kujibu: ni saa gani viti vyako viko bure?

Soma Till yako kabla ya kuandika bango

Wenye hoteli wengi hutumia ripoti ya Till kuangalia jumla tu: leo tumeingiza ngapi. Ripoti hiyo pia ina saa ya kila malipo, na kwa matangazo hiyo ndiyo sehemu yenye thamani. Chukua wiki nne zilizopita. Kwenye daftari chora mistari ya saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na safu saba za siku. Kila malipo weka alama kwenye kisanduku chake. Ni kazi ya jioni moja, na kama unapokea kesi nyingi, mwambie anayeketi kwenye kaunta aweke alama hizo kwa siku saba, kwa sababu wanaolipa kesi wana saa zao tofauti na wanaolipa kwa simu.

Kwa hoteli yetu ya Thika, tuseme picha inatoka hivi. Saa sita hadi saa nane mchana visanduku vimejaa. Saa tisa hadi saa kumi na moja ni pengo: meko bado yana moto, mpishi analipwa, chai iko kwenye thamosi, na kuna watu watatu ndani. Jumatatu na Jumanne ziko chini kidogo kuliko siku nyingine. Baada ya tarehe 20 ya mwezi mambo hupungua hadi mishahara itoke.

Hapo umepata kazi ya matangazo yako. Lunchi haihitaji tangazo. Saa tisa ndiyo inahitaji.

Kadi ya mteja: wapi hula na wapi hulipa

Kadi inayojulikana zaidi ni ile ya "kula mara nane, ya tisa bure". Inavutia, lakini tuipitishe kwenye hesabu ile ile.

Mteja wa kwanza huja mara moja kwa wiki, yaani mara nne kwa mwezi. Anakuachia 80 mara nne, KSh 320. Umpe kadi, na tuseme imemvuta hadi akala mara tisa mwezi huo: nane za kulipa zinakuachia 640, ya bure inakugharimu 120. Umebaki na 520. Amekuongezea KSh 200. Safi.

Mteja wa pili ni fundi wa jirani anayekula kwako siku tano kwa wiki, tuseme mara 20 kwa mwezi. Bila kadi anakuachia KSh 1,600. Ukimpa kadi, sahani ya tisa na ya kumi na nane ni bure. Atalipia 18, zinazokuachia 1,440, na mbili za bure zinakutoa 240. Unabaki na 1,200. Umempoteza KSh 400 mtu ambaye hakuwa anaenda popote, na hawezi kula lunchi mara mbili kwa siku ili akurudishie. Yaani mteja mmoja wa kila siku anameza faida uliyoongezewa na wateja wawili kama yule wa kwanza. Kama wengi wa wateja wako ni wa kila siku, na hoteli za karibu na kazi huwa hivyo, kadi ya sahani bure itakupunguza polepole huku ukiona kadi zinajaa na kudhani mambo yako sawa.

Hatusemi uwanyime wateja wa kila siku. Hao ndio wanaokulipia kodi, na wakiona wageni wanapewa vitu na wao wanatazama, watanuna. Kinachobadilika ni zawadi yenyewe, na saa ya kuichukua.

Badala ya sahani, toa chai na chapati, na ichukuliwe kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Kikombe cha chai na chapati moja zinauzwa bob 55 kwa pamoja, lakini zinakugharimu kama bob 25. Mteja anaona kitu cha 55. Wewe umetoa 25. Sasa kadi inakuwa: kila lunchi tano, chai na chapati ya saa tisa juu yetu. Fundi wetu wa mara 20 atachukua zawadi nne, zinakugharimu KSh 100, si 400. Yule wa mara nne akiongeza hadi mara sita tu, atakuachia 480, ukitoa 25 unabaki na 455, badala ya 320. Na kuna jambo ambalo daftari halionyeshi mwanzoni: mtu haji kunywa chai ya saa kumi peke yake. Anakuja na mwenzake wa kazini, na huyo mwenzake analipa.

Kadi zenyewe ni za bei rahisi. Karatasi ngumu ya A4 inatoa kadi kumi. Karatasi ishirini kwa sairaba, kwa wino mweusi tu, ni kadi 200. Weka jina la hoteli, visanduku vitano, saa za kuchukua zawadi, na tarehe ya mwisho. Tarehe ya mwisho usiisahau. Bila hiyo, kadi 200 zilizo mifukoni mwa watu ni deni lisilo na siku, na mtu anaweza kukuletea kadi ya mwaka jana wakati bei ya unga imepanda.

Weka namba kwenye kila kadi, 001 hadi 200. Na badala ya kununua muhuri, mwambie mhudumu aandike kwenye kisanduku tarehe na herufi tatu za mwisho za namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo. Kwa kesi aandike tarehe na asaini. Hii ni kwa sababu kadi nyingi huharibikia kaunta: mhudumu anamjazia rafiki visanduku vyote kwa kalamu moja, dakika moja. Zikiwa na herufi za muamala, unaweza kuchukua kadi yoyote iliyorudi na kuilinganisha na ripoti ya Till. Huna haja ya kukagua zote. Kagua mbili au tatu kila Jumamosi, na wahudumu wajue unakagua.

Picha moja nzuri, saa tano na nusu

Chakula cha hoteli ndogo hupigwa picha vibaya kwa sababu hupigwa saa mbaya, mahali pabaya. Saa mbaya ni saa saba, kila mtu akikimbia. Mahali pabaya ni chini ya tyubu ya taa, ambayo hufanya nyama ionekane ya kijivu na ugali uwe na rangi ya kijani kijani.

Piga saa tano na nusu, kabla ya watu kuingia. Zima taa. Sogeza meza hadi karibu na mlango au dirisha, pale mwanga unapoingia kwa ubavu lakini jua halipigi sahani moja kwa moja. Upande wa pili wa sahani, ule wenye kivuli, simamisha karatasi nyeupe ya manila, ya kununua kwa duka la vitabu, iurudishe mwanga. Pangusa lenzi ya simu kwa kitambaa kikavu. Tunarudia: pangusa lenzi. Simu ya mpishi huwa na mafuta, na ule ukungu mnaolaumu kamera mara nyingi ni alama ya kidole. Flashi usiwashe.

Sahani iwe ya rangi moja. Zile za maua zinapendeza mezani lakini kwenye simu macho hayajui yaangalie wapi. Nunua moja nyeupe ama nyeusi uiweke kando kwa kazi hii. Sukuma itoke mekoni wakati huo huo, maana ikikaa hugeuka rangi. Ugali ukikaa uso wake hukauka na kupasuka, kwa hivyo pakua mwisho. Kwa pilau, chapati na vitu vilivyo bapa, simama juu yake au uinamishe simu kidogo. Kwa kitu chenye kimo, kama bonge la ugali au mahamri yaliyopangwa, shuka hadi usawa wa meza.

Halafu, sahani ya picha iwe ile ile ya mteja. Kama kwenye picha kuna vipande sita vya nyama na mezani kuna vitatu, umejiandikia maoni mabaya kwa mkono wako.

Kila picha iandamane na mambo matatu: bei, saa, na mahali. "Chai ya maziwa na chapati mbili, KSh 80, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, mkabala na steji, mlango wa buluu." Ile tabia ya kuficha bei na kuandika "njoo inboksi" inawafukuza watu wa hoteli ndogo. Mtu mwenye bob 200 mfukoni hataki kuuliza bei halafu aone aibu. Ataenda anakojua.

Utaweka wapi picha hiyo? Kwa hoteli ambayo wateja wake hufika kwa miguu, sisi tungeanza na WhatsApp Business kabla ya kitu kingine chochote. Programu ni ya bure. Weka menyu na bei kwenye Catalog, weka majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia (mko wapi, mnafunga saa ngapi, mnaleta ofisini), na tumia Status. Status hudumu saa 24, na hiyo inalingana na chakula: chai ya leo haina haja ya kuonekana wiki ijayo. Iweke saa nane na nusu, wakati watu wanarudi kazini na saa moja baadaye watakuwa na njaa ndogo. Tangazo la chai likiwekwa saa mbili asubuhi litakuwa limezikwa chini ya Status za watu wengine.

Ila kuna sharti moja. Status yako huonwa na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Ni hivyo hivyo kwa orodha ya matangazo: inachukua hadi watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyekuhifadhi. Ndiyo maana kadi ile ina kazi ya pili. Nyuma yake andika: "Tuhifadhi kwa simu yako, tutumie neno CHAI kwa WhatsApp, tutakuwekea menyu ya kila siku." Mteja akifanya yote mawili, amekuhifadhi, amekuandikia, na amekubali.

Instagram na TikTok ni nzuri kama mna mtu wa kuzifanya, labda mhudumu kijana anayependa kazi hiyo. Video fupi ya chapati ikigeuzwa kwenye kikaango haihitaji maneno mengi. Lakini usipime mafanikio kwa laiki. Laiki elfu moja kutoka Kisumu na Mombasa hazijazi viti vya Thika saa tisa. Na kile kitufe cha Boost post, ukikigusa, badilisha eneo kwanza. Ukiiacha nchi nzima, utalipia kuonyesha chai yako kwa mtu aliye Garissa. Weka duara dogo kuzunguka mji, siku tatu, halafu usimamishe uhesabu. Kwa bajeti ya 3,000, tungeacha hili hadi mwezi wa tatu.

Ramani na maoni

Mtu aliyeshuka kwenye steji hakujui wala hana namba yako. Yeye hufungua Google Maps na kuandika "chakula karibu". Kama haupo hapo, haupo. Kujiandikisha kwenye Google Business Profile ni bure. Utaombwa kuthibitisha, mara nyingi kwa video ya simu inayoonyesha barabara, bango lako na ndani ya hoteli, kwa hivyo hakikisha jina la bango na jina unaloandika ni moja. Kisha angalia pini. Kwenye mitaa yenye vichochoro pini huangukia barabara ya nyuma, na mteja anazunguka hadi anachoka. Simama mlangoni pako na simu, uisogeze mwenyewe. Saa za kufungua ziwe za kweli, hata Jumapili na sikukuu.

Kuomba maoni si aibu, lakini kuna njia ya kuomba. Akaunti yako itakupa kiungo na msimbo wa QR wa kuandikia maoni. Uchapishe, uubandike karibu na mahali pa kulipia, maana hapo ndipo mteja ana simu mkononi tayari. Mhudumu aseme tu: "Kaka, ukipata dakika, tuandikie kule Google chakula kilikuwaje."

Asiseme "tuandikie nyota tano tukupe soda." Google inakataza kutoa zawadi kwa maoni, na inakataza pia kuomba walioridhika peke yao huku ukiwazuia wengine. Maoni ya namna hiyo yanaweza kufutwa. Kwa hivyo kadi ya chai na maoni zisikutane: kadi ni ya kula, si ya kuandika. Vile vile usiwape ndugu na wahudumu kazi ya kuandika. Maoni kumi ya nyota tano ya siku moja, yote yakisema "chakula kitamu sana", msomaji huyatambua upesi.

Nyota moja itakuja. Tuseme mtu ameandika: "Nimengoja dakika 40, nyama ngumu, mhudumu hana heshima." Usijibu usiku ukiwa na hasira. Uliza jikoni kwanza, kisha ujibu kesho yake, kwa mfano: "Pole sana kwa kungoja. Ijumaa tulikuwa na mpishi mmoja na tulichelewa. Tumeongeza mtu wa pili saa sita hadi saa nane. Kuhusu mhudumu, tumezungumza naye. Ukipita tena uliza mwenye hoteli, tutafurahi kukuhudumia vizuri." Jibu hilo huenda lisimrudishe yeye. Limeandikwa kwa ajili ya watu wengine wote watakaolisoma wakiwa steji, wakiamua waingie kwako ama kwa jirani. Na kama malalamishi ya nyama ngumu yamekuja mara tatu kwa mwezi, hayo si matangazo tena. Badilisha mchinjaji, au wakati wa kuchemsha.

Namba na sura za wateja

Hili tunaulizwa sana, kwa sababu malipo hupita kwetu: "Naweza kuchukua namba za waliolipa kwa Till niwatumie ofa?" Jibu ni hapana, isipokuwa wamekubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema taarifa za mtu huwezi kuzitumia kujitangazia biashara bila idhini yake. Mteja alikupa namba ili alipe ugali, basi. Yule aliyetuma neno CHAI amekubali, na akisema "niondoe", mwondoe siku hiyo hiyo.

Picha ni hivyo hivyo. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya KSh 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Gawanya hizo kwa bob 80 za sahani: ni zaidi ya sahani 23,000. Kwa hivyo piga chakula, mikono ya mpishi, mvuke wa sufuria, meko. Ukitaka sura ya mteja, muulize kabla, mwonyeshe picha, mwambie itawekwa wapi, na ujumbe wake wa "sawa" uuhifadhi. Watoto waache kabisa.

Mwezi wa kwanza, shilingi kwa shilingi

Kwa hoteli yetu ya Thika, tungegawa KSh 3,000 hivi. Bando la mwezi, 1,000. Kadi 200 na karatasi ya QR, 500. Sahani moja nyeupe na manila, 300. Zinabaki 1,200, na hizo ni za chai na chapati za zawadi: kwa bob 25 kila moja, zinatosha zawadi 48. Fedha za zawadi zitenge kweli, kwenye bahasha au akaunti yake, ili jikoni pasionekane kama chai inapotea. Mwezi wa pili hununui sahani wala manila, na kadi zikibaki huchapishi tena.

Usigawe kadi zote 200 wiki ya kwanza. Anza na 60. Ukiwapa watu 200 na wote wajaze, utadaiwa chai 200, yaani KSh 5,000, na bahasha yako ina 1,200.

Kila Status yenye ofa ipe neno lake. Wiki hii mteja akisema "mvuke" kaunta, anaongezewa chapati nusu. Wiki ijayo neno ni lingine. Weka alama kwenye daftari kila neno linaposemwa. Kwa njia hiyo utajua ni watu wangapi walitoka kwenye simu hadi kwenye kiti, jambo ambalo hesabu ya waliotazama Status haiwezi kukuambia.

Mwisho wa wiki ya nne rudia ule mchoro wa visanduku. Linganisha wiki na wiki inayofanana nayo: wiki ya kwanza ya mwezi huu na ya kwanza ya mwezi uliopita, si wiki ya mishahara na wiki ya ukata. Angalia saa tisa hadi saa kumi na moja peke yake. Kama kulikuwa na malipo matano kwa siku na sasa ni tisa, kadi inafanya kazi, hata kama jumla ya mwezi imepanda kidogo tu. Kama alasiri haijasonga na kadi zilizorudi zote ni za fundi na wenzake wa kila siku, umewapa zawadi marafiki, si vibaya, lakini haujapata mteja mpya. Hapo badilisha kitu kimoja tu kwa mwezi unaofuata: saa ya zawadi, au zawadi yenyewe, labda uji na mahamri badala ya chai. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia ni kipi.

Na kama pengo limejaa, kuwa makini na kitu kimoja. Chai ya saa kumi ikianza kupata foleni, wanaokuja kwa kadi watakuwa wamekalia viti vya wanaolipa. Kadi zilizoko zitimize tarehe yake kama ulivyoahidi, lakini mpya usizitoe tena kwa saa hiyo. Hamisha zawadi Jumatatu na Jumanne, ambako visanduku bado vina nafasi.